Katoni 800 au 4,000? Hesabu ya mkupuo inayokosewa kila ninapokwenda

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii katika kiwanda kidogo cha sabuni za miche upande wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mwenye kiwanda, mzee wa makamo anayeijua sabuni kuliko nitakavyowahi kuijua mimi, alinishika mkono akanipeleka stoo. Katoni zimepangwa mpaka dari. "Mwanangu," akaniambia, "mtambo ukishaandaliwa usiusimamishe. Toa mzigo mpaka stoo ijae, ile gharama ya kuandaa inamegeka."

Nimeyasikia maneno hayo kwa wasokota kamba za mkonge, kwa wajaza juisi, kwa wachapishaji wa mifuko. Naandika sasa kwa sababu nimechoka kuyajibu kwa nusu saa huku watu wanataka kwenda kula. Yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo yanapodhuru. Gharama ya kuandaa inamegeka kweli. Tatizo ni kwamba ipo gharama ya pili inayokua upande wa pili wa ukuta, na hiyo haina risiti.

Hizi ni hesabu za mzee, nimezizungusha kidogo zisomeke. Sabuni yake ya bluu inauzika katoni 40 kwa siku, siku 300 za kazi, yaani 12,000 kwa mwaka. Mtambo unatoa katoni 160 kwa siku. Malighafi na vifungashio vya katoni moja vinamgharimu shilingi 20,000. Kuandaa mtambo kutoka rangi moja kwenda nyingine kunakula nusu siku, na pesa inayotoka kweli ni shilingi 100,000. Hiyo 100,000 nitaigombania baadaye.

Alikuwa anatoa katoni 4,000 kwa mkupuo mmoja, mara tatu kwa mwaka. Kwa hesabu yake, 100,000 ukigawa kwa 4,000 ni shilingi 25 tu kwa katoni. Akitoa 800, inakuwa shilingi 125. Kwa nini aongeze shilingi mia kwa kila katoni? Swali zuri. Basi tuhamie stoo.

Mkupuo wa 4,000 unachukua siku 25 kutoka. Katika siku hizo ameshauza 1,000, kwa hiyo mtambo unaposimama stoo ina 3,000, haina 4,000. Watu wengi wanasahau hilo, wanaanza kubishana na namba ambayo haipo. Kutoka 3,000 mzigo unashuka polepole mpaka sifuri, kwa hiyo kwa wastani wa mwaka mzima stoo inalaza katoni 1,500. Katoni ya mwisho kutoka mtamboni inakaa siku 75 za kazi kabla ya kumwona mteja wa Muheza au Korogwe.

Kukaa kwake kuna bei gani? "Stoo ni yangu, silipi kodi," alisema mzee. Ni kweli, na mimi kodi sikuihesabu. Nilihesabu kitu kingine: mafuta na kostiki ananunua kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Katoni ya shilingi 20,000 ikilala mwaka mzima inakula riba ya 3,600. Hata angekuwa halipi riba, pesa ile ingekuwa inanunua mafuta ya nazi wakati bei iko chini, jambo ambalo mwaka jana lilimshinda kwa kukosa fedha huku stoo imejaa. Juu ya riba kuna hasara ya mzigo wenyewe. Mche unapoteza maji na uzito, na Wakala wa Vipimo wakija kupima hawaulizi ulitoka mtamboni lini. Unyevu wa pwani hii unalegeza maboksi, yale ya chini yanabonyea. Panya nao wamo. Tuliweka 1,400 kwa katoni kwa mwaka. Jumla 5,000.

Sasa zidisha. Katoni 1,500 kwa 5,000 ni shilingi 7,500,000 kwa mwaka, na kuandaa mtambo mara tatu ni 300,000. Jumla 7,800,000.

Akitoa 800 kwa mkupuo, mtambo unafanya kazi siku tano na stoo inafika kilele cha 600, wastani 300. Kulaza ni 1,500,000. Kuandaa mara 15 ni 1,500,000. Jumla 3,000,000. Ameongeza 1,200,000 kwenye kuandaa na kuokoa 6,000,000 kwenye kulaza. Ile shilingi mia aliyoiona kwa kila katoni ilikuwa inamficha shilingi mia tano.

Namba 800 haikutoka kichwani mwangu. Ford Harris, mhandisi wa Marekani, aliandika msingi wa hesabu hii mwaka 1913, na mwaka 1918 E. W. Taft akaiongezea ukweli kwamba mzigo hauingii stoo wote kwa mpigo, unaingia huku unauzwa:

```
Q = sqrt( 2*D*S / (h*(1 - d/p)) )
```

Q ni ukubwa wa mkupuo, D mauzo ya mwaka, S gharama ya kuandaa mtambo mara moja, h gharama ya kulaza katoni moja mwaka mzima, d mauzo ya siku, p uzalishaji wa siku. Weka namba za mzee utapata 800 kamili. Ukiisahau sehemu ya 1 - d/p utapata kama 693, maana utakuwa umeihesabia stoo mzigo ambao umeshauzwa.

Sasa nirudi kwenye 100,000, kwa sababu hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mhasibu wa kiwanda alikuwa ameandika 400,000. Ndani yake kulikuwa na mishahara ya nusu siku ya fundi na wafanyakazi saba, 60,000. Uchakavu wa mtambo kwa nusu siku, 100,000. Sabuni ya kusukumia uchafu wa rangi ya zamani, aliyoipa bei kamili, 200,000. Vibarua wa kuosha na chujio jipya, 40,000. Kila namba ina karatasi yake, na mhasibu ni kijana makini. Lakini swali la hesabu hii si "nusu siku ile ina thamani gani vitabuni?" Swali ni "nikiandaa mtambo mara moja zaidi, ni pesa gani itatoka ambayo isingetoka?"

Fundi na wale saba wanalipwa kwa mwezi. Wakiandaa mtambo mara tatu au mara 15, mshahara ni uleule. Uchakavu nao unaandikwa kwa mwaka, haungoji mtambo ubadilishwe rangi. Sabuni ya kusukumia haimwagwi, inarudishwa kwenye mkupuo unaofuata wa rangi iliyokoza zaidi. Kinachopotea ni manukato, umeme na kazi ya kuirudia, na tulipoipima tulipata 60,000. Vibarua wanalipwa kwa siku na chujio halitumiki mara mbili, hizo 40,000 ni za kweli. Ndiyo 100,000 hiyo.

Msomaji makini atasema: weka 400,000 kwenye kanuni, unapata mkupuo wa 1,600, na ukiupima kwa gharama za kweli jumla ni 3,750,000. Umekosea S mara nne na umelipa robo tu zaidi. Kweli kabisa. Karibu na sehemu yake ya chini kabisa, mstari wa gharama ni kama pwani ya Tanga maji yakitoka: unatembea mbali kabla hayajakufika magotini. Mkupuo wa 600 unagharimu 3,125,000 na wa 1,200 unagharimu 3,250,000. Kama katoni 800 hazigawanyiki vizuri kwa pipa lako la mafuta, toa 760 au 900 ulale usingizi. Sigombani na mtu kwa ajili ya katoni hamsini.

Ninachogombania ni maamuzi mengine yanayopanda juu ya namba ile. Kwa kuamini kwamba kila kubadilisha rangi ni hasara ya 400,000, mzee alikuwa anakataa kuandaa sabuni ya njano wakati duka la Lushoto limeishiwa, wakati kubadilisha kungemtoa 100,000. Na fundi alipopendekeza wapange rangi kutoka nyeupe, kwenda njano, kwenda bluu, waoshe kwa nguvu mara moja tu mwisho wa mzunguko, pendekezo lilikaa mezani kwa sababu mhasibu hakuona ni mstari gani kati ya ile minne utapungua. Ungepungua ule wa vibarua na ule wa sabuni ya kusukumia. Wakifikisha S kwenye 50,000, mkupuo unashuka hadi kama 566 na gharama yote ya mwaka inakaribia 2,120,000.

Lakini yote niliyosema juu ya mishahara na nusu siku yanasimama kwa sharti moja: mtambo uwe na muda wa kupumzika. Wa mzee unao, kwa mwaka mzima kama siku 60 hauna kazi. Nusu siku ya kuandaa inatoka kwenye siku hizo, haimnyimi mtu mzigo. Ikifika Shaabani mambo yanageuka. Oda za Ramadhani na Idi zinajaa, mtambo hauzimwi, na nusu siku ya kuosha ni katoni 80 ambazo hazikutengenezwa. Kila moja ingemwachia shilingi 3,000, basi ni 240,000 juu ya ile 100,000. S imekuwa 340,000 na kanuni inasema mkupuo wa karibu 1,475. Mtambo uleule, fundi yuleyule, mkupuo unakaribia mara mbili.

Na hapo naanza kutembea gizani. Kanuni inadhani mauzo ni 40 kila siku, na Shaabani si 40. Mzigo unaolimbikizwa kabla ya msimu ni swali jingine, halijibiwi na Q. Nilichofanya ni kumwandikia mzee namba mbili ukutani, moja ya miezi ya kawaida na moja ya msimu, na kumwambia msimamizi abadilishe pale oda zinapozidi uwezo wa wiki mbili. Hizo wiki mbili nilizikisia. Vilevile zile 1,400 za hasara ya stoo zilitoka kwa mtunza stoo, aliyezikadiria kwa kutazama maboksi yaliyobonyea.

Kabla sijaondoka niliomba nionyeshwe nyuma kabisa ya stoo, na wewe fanya hivyo kwako kabla ya kuandika namba yoyote. Soma tarehe ya mkupuo kwenye maboksi ya ukutani. Kwa mkupuo wa 4,000, la zamani kabisa halipaswi kuzidi siku 75 za kazi, miezi mitatu hivi ya kalenda. Tulikuta la miezi saba. Wapakiaji walikuwa wanachukua mzigo mpya wa mlangoni, ule wa nyuma unabaki. Mzee alilifungua mwenyewe, akauchukua mche akauweka kwenye mizani, akaisoma mara mbili, kisha akamwita mtunza stoo.