Tathmini ya mpishi mkongwe: mazungumzo yanaanzia kwenye sufuria

Msimamizi kijana akimfanyia tathmini mpishi aliyeingia jikoni miaka 19 iliyopita, fomu mara nyingi hujaa “vizuri sana” kuanzia juu hadi chini. Ni heshima, na ndani yake kuna woga. Nikiwa afisa rasilimali watu katika taasisi yenye jiko kubwa, naujua mwisho wake: kasoro inanyamaziwa mwaka baada ya mwaka, kisha siku walaji wanapougua tumbo, mpishi anapewa onyo kwa jambo ambalo hajawahi kuambiwa. Huko ni kumdhulumu.

Chukua mfano wa mama mmoja ambaye chakula chake hakichelewi na kila mtu anakisifu. Wali unaobaki mchana anauacha kwenye sufuria mezani, na unaingia jokofuni jioni. Kuna bakteria wenye mbegu ngumu ambazo hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huchipua, bakteria huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Ndiyo maana kanuni inayotumika sana majikoni hutaka chakula kishuke kutoka nyuzi joto 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria iliyojaa haiwezi, kwa sababu joto la katikati halina pa kutokea.

Utamwambiaje? Ukisema “ongeza umakini kwenye usafi”, atasikia kwamba umemwita mchafu, na bado hatajua abadilishe nini. Pima kwanza, tena zaidi ya siku moja. Kisha mtafute chakula kikishagawiwa, mkae wawili mbali na wasaidizi wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi nilipima wali katikati ya sufuria saa kumi jioni. Ulikuwa umeshuka hadi nyuzi 60 saa saba na nusu. Nilikuta nyuzi 48, 51 na 47, na kwa muda ule ulitakiwa uwe umeshafika 21. Tunakwama wapi?”

Hapo nyamaza. Wasimamizi wengi huharibu mazungumzo kwa kujijibu wenyewe.

“Mwanangu, niuweke wapi? Trei ziko mbili tu. Nikiuingiza ungali moto, jokofu zima linapata joto na maziwa yanaharibika. Kipimajoto nacho betri ilikwisha zamani, nikasema mpaka nikachoka.”

Jibu hilo liandikwe kwenye fomu kama lilivyo, kwani nusu ya kosa ni la taasisi. Kumpa alama ya chini peke yake kungekuwa uonevu. Lakini kumfutia kabisa nako si haki, maana kuumwaga wali kungewezekana siku zote.

Malengo basi yanakuwa na pande mbili. Taasisi inaleta trei sita za kina kifupi na betri ndani ya wiki 2, na muda wa lengo la mama unaanza kuhesabiwa siku vitakapofika, si siku ya kusaini. Yeye anatandaza wali ndani ya nusu saa baada ya kugawa, kwa kina kisichozidi sentimita 5, anaziweka trei kwenye maji yenye barafu, na anaandika joto mara mbili daftarini. Kuandika kukikamilika siku 9 katika kila 10 za mabaki, lengo limefikiwa. Kuumwaga wali ambao haukufika 21 kwa wakati hakuna asilimia: unamwagwa kila mara, na kwa kumwaga hakatwi alama. Akikatwa, ataanza kuandika namba za kubuni.

Lengo la “punguza mabaki kwa nusu” ningelikataa. Mabaki hutegemea idadi ya walaji, na idadi hiyo huletwa na ofisi. Ikija 200 wakala 150, mpishi hana la kufanya.

Sifa nazo zitajwe kwa jambo lake: kwa mfano, siku gesi ilipokatika alibadilisha mlo na bado chakula kikatoka kwa wakati. Kasoro ya upoozaji ikae kwenye mstari wake, isishushe alama za mpangilio wa kazi wala za kuwafundisha wasaidizi.

Trei zikishaanza kutumika, rudini jikoni pamoja. Mama ndiye ashike kipimajoto na kuandika mstari wa kwanza. Ikiwa baada ya saa 2 bado kinasoma 35, usikimbilie kumlaumu. Chomeka rula kwenye trei: mara nyingi utakuta wali umerundikwa sentimita 9 ili trei zitoshe, na kinachotakiwa ni trei zaidi.