Skrubu ya jipsam kwenye silingi: "izame kidogo" maana yake nini?

Hela ya korosho ikishaingia huku Mtwara utaona nyumba kibao zinapigwa jipsam, na pale juu ya jukwaa utamsikia fundi anamwambia saidia wake "hakikisha inazama kidogo". Sasa hiyo kidogo ni kiasi gani?

Jipsam bodi ni unga wa jasi uliogandishwa katikati ya karatasi mbili. Wengi wanadhani skrubu inashikwa na ule unga, hapana, kinachobeba bodi ni karatasi ya chini, ile unayoiangalia ukiwa umelala kitandani: kichwa cha skrubu kinaibana karatasi na karatasi ndo inabeba uzito wote. Kwa hiyo kina sahihi ni kichwa kuingia kama nusu milimita mpaka milimita moja hivi, karatasi ibonyee ila isichanike, kibaki kishimo chepesi cha kujazia fila. Ukiendelea kukandamiza drili karatasi inachanika, kichwa kinabaki kwenye unga mtupu, yaani hapo hamna skrubu, kuna pambo. Utaijua kwa ule unga mweupe unaokudondokea machoni. Usiikaze zaidi, funga nyingine sentimita 5 pembeni kwenye chaneli hiyohiyo, yaani ule ukanda wa chuma unaofungiwa bodi, halafu ile mbovu ing'oe uzibe shimo. Iliyobaki nje nayo unaikamata kirahisi, pitisha skrepa juu yake, ikigonga tik, kaza kidogo, la sivyo baada ya rangi utaona vipele dari nzima.

Haya nafasi sasa. Ukutani bodi imesimama, ila silingi inavutwa chini usiku na mchana, ndo maana skrubu za juu zinakaa karibukaribu, mi napenda sentimita 20. Chukua bodi ya mita 2.4 kwa 1.2 iliyolazwa kukatisha chaneli, na chaneli ziko kila sentimita 40, unapata mistari 7, kila mstari skrubu 7, jumla 49. Anza katikati ya bodi uende pembeni, ukianza kwa kubana kingo zote tumbo linabaki katikati na halitoki tena. Pembeni acha kama sentimita 1, upande uliokatwa kwa kisu acha 1.5 maana pale unga uko wazi unamegeka.

Kuna sebule moja Lindi niliitwa kuiangalia baada ya masika, bodi zimelegea kama chandarua. Nikahesabu skrubu, kila mstari zilikuwa 3 tu, yaani 21 kwa bodi nzima, na karibu nusu zimechana karatasi. Tukazisukuma bodi juu kwa miti tukaongeza skrubu, bodi mbili zikakaa sawa, ya tatu ilishapinda moja kwa moja ikabidi tuishushe.