Rada yenye pawa mara mbili haioni mbali mara mbili

Wenye boti wakija kwangu lugha ni moja tu: "Fundi, hii rada ya kilowati 4 haioni mbali, toa niwekee ya kilowati 8 nione mara mbili." Jamani, hapana. Nimelisikia hili mpaka limenichosha, na kinachoniuma ni hela ya watu inayopotelea hapo.

Ukweli ni huu: ukizidisha pawa mara mbili, umbali wa kuona unaongezeka kama asilimia 19 basi. Kama ngalawa ulikuwa unaipata maili 3, sasa utaipata maili 3 na nusu hivi. Ukitaka kuiona maili 6 kwa kuongeza pawa peke yake, unahitaji pawa mara 16, yaani kilowati 64.

Sababu yake iko kwenye safari ya wimbi. Likitoka kwenye antena linatawanyika, umbali ukiwa mara mbili ile nguvu inayogusa ngalawa inabaki robo. Watu wengi wanaishia hapo, wanasahau kwamba ngalawa nayo inarudisha kidogo ilichopata, na hicho kidogo kinatawanyika upya njia nzima ya kurudi, kwa hiyo antena yako inapokea robo ya ile robo, yaani moja ya 16. Kwa wanaotaka fomyula, Pr ni mwangwi unaoupokea, λ ni urefu wa wimbi, σ ni ukubwa wa kitu machoni pa rada:

```
Pr = Pt · G² · λ² · σ / ((4π)³ · R⁴)
```

Angalia hiyo R, ndiyo umbali, ina kipeo cha 4. Mwangwi wa maili 1 ukiupeleka maili 2 umeshuka desibeli 12, yaani ile moja ya 16, maili 4 umeshuka 24, maili 8 umeshuka 36, na hapo umebaki chini ya moja ya 4,000 ya ule wa mwanzo. Pawa yako, Pt, haina kipeo chochote, sasa utashindanaje na kitu chenye kipeo cha 4?

Ila angalia G, hiyo ni gein ya antena, yaani inavyokusanya nguvu upande mmoja, na ina kipeo cha 2, maana antena ileile inatuma na inapokea. Ukitoka antena ya upana wa sentimita 60 ukaenda ya 120, gein inakuwa kama mara mbili, mwangwi mara 4, umbali unaongezeka kama asilimia 41. Tena mwale unakuwa mwembamba, boti mbili zilizokaribiana unaziona mbili badala ya doa moja. Kwa hiyo mteja wangu akiwa na hela ya kitu kimoja tu namwambia anunue antena, kilowati zitasubiri.

Halafu kuna hawa wanaosema skrini imeandikwa maili 48 kwa hiyo rada inaona maili 48. Hiyo ni skeli ya kuchora tu. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji, na boti unayoitafuta ina kimo cha mita 1, dunia inajikunja na kuwaficha baada ya maili 6 na nusu hivi, hata uwe na kilowati ngapi. Na kukaza gein kwenye skrini, ambayo ni ya kipokezi na si ile ya antena, nako hakuleti mwangwi zaidi, kunakuza mwangwi na kelele pamoja, unabaki na skrini imejaa chengachenga.

Nyie wenye boti za faiba mnaotaka kuonekana na meli, fungeni kiakisi cha rada, kile cha mabati matatu yaliyokutana kona. Mwangwi wake unakua kwa kipeo cha 4 cha urefu wa ubavu. Cha sentimita 15, kwa rada za wimbi la sentimita 3, kinajibu kama kitu cha mita 2 za mraba, cha sentimita 30 kinajibu kama mita 33, yaani mara 16, na mara 16 ndiyo hasa inayokupa umbali mara mbili. Bati tu hilo! Kifunge juu mlingotini, kona moja ikae kama bakuli la kukinga mvua. Kikikaa chini karibu na maji, wimbi la moja kwa moja na lile lililoruka juu ya maji yanafutana, na huko mbali mwangwi unaweza kushuka kwa kipeo cha 8, yaani mbaya zaidi ya hesabu yote niliyotoa.

Na yule anayesema magnetroni yake, kile kifaa kinachozalisha wimbi la rada, bado nzima kwa sababu "naona kama zamani": hesabu ileile inakudanganya. Magnetroni ikipoteza nusu ya pawa, umbali unapungua asilimia 16 tu, kitu cha maili 5 unakiona 4.2, utasema ni hali ya hewa. Chagua kitu kimoja kisichohama, boya au mnara, pima unakipata umbali gani siku bahari imetulia, andika, halafu rudia kila baada ya miezi michache kwa skeli ileile na gein ileile. Rada za meli kubwa zina kipimo chake cha ndani kinachoonyesha ikishuka desibeli 10, yaani ikibaki moja ya kumi, na ikifika hapo umbali umeshabaki kama asilimia 56 ya ule wa mwanzo.