Maili ya Baharini na Dakika ya Latitudo: Dhana Potofu na Ukweli

Wanafunzi wa kidato cha nne hapa Mbeya wanapofika kwenye mada ya dunia kama tufe, huambiwa kwamba maili moja ya baharini ni kilometa 1.852. Wengi huikariri namba hiyo bila kujua ilikotoka, na hapo ndipo dhana potofu zinapoanzia.

Dhana: Maili ya baharini ni maili ya kawaida iliyorefushwa na mabaharia kwa mazoea yao.

Ukweli ni kwamba maili hii haikutokana na maili ya nchi kavu, bali na umbo la dunia lenyewe. Mzunguko wa dunia unaopita kwenye ncha zote mbili una nyuzi 360, na kila nyuzi ina dakika 60, hivyo mzunguko mzima una dakika 21,600. Dakika hizi si za saa. Ni vipande vya pembe inayopimwa kutoka kitovu cha dunia. Kwa kuwa mzunguko huo una urefu wa karibu kilometa 40,000, ukiugawa kwa 21,600 unapata kilometa 1.852 kwa kila dakika. Baharia akisogea dakika moja ya latitudo kuelekea kaskazini au kusini, amesafiri maili moja ya baharini.

Chukua safari ya Ziwa Nyasa kutoka bandari ya Itungi, wilayani Kyela, hadi Mbamba Bay. Itungi iko karibu na latitudo 9°35' Kusini, na Mbamba Bay karibu na 11°17' Kusini. Tofauti yake ni 1°42', yaani dakika 102, na bila hesabu nyingine yoyote tunajua kwamba Mbamba Bay iko maili 102 kusini zaidi ya Itungi. Lakini pia iko upande wa mashariki, kwa hiyo mstari ulionyooka kati ya bandari hizo ni mrefu kidogo kuliko hapo. Nahodha hutanua bikari yake kutoka bandari moja hadi nyingine kwenye ramani, kisha bila kuibana wala kuipanua huihamishia kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, ambako dakika za latitudo zimechorwa, na kuhesabu. Atapata karibu maili 113. Chombo kinachokwenda noti 10, ambazo ni maili 10 za baharini kwa saa, kitahitaji saa 11 na dakika kama 18 kuufuata mstari huo.

Dhana: Bikari inaweza kusomwa kwenye ukingo wowote wa ramani, hata ule wa juu au wa chini.

Kosa hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu katika maeneo yetu halijionyeshi. Ukingo wa juu na wa chini una dakika za longitudo, na mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za dunia. Dakika ya longitudo ni sawa na maili moja ya baharini, kwa kukadiria, kwenye Ikweta tu. Kwingineko huzidishwa kwa kosaini ya latitudo. Katika latitudo ya Ziwa Nyasa kosaini hiyo ni karibu 0.98, kwa hiyo aliyesoma safari yetu kwenye ukingo wa juu angepata kama 115 badala ya 113, na asingegundua kosa lake. Mtu huyohuyo akifanya vivyo hivyo kwenye ramani ya bahari iliyo jirani na Bergen, Norwei, ambako latitudo imepita nyuzi 60, umbali atakaousoma utazidi mara mbili ya ule wa kweli.

Hata kwenye ukingo sahihi, asome usawa uleule wa safari yake. Ramani nyingi za bahari zimechorwa kwa mfumo wa Mercator, ambao huzirefusha dakika za latitudo kwenye karatasi kadiri unavyoiacha Ikweta. Kwa safari ndefu ya kaskazini na kusini, hupimwa kipande kimoja baada ya kingine, kila kimoja kando ya usawa wake.

Dhana: Dakika ya latitudo ina meta 1,852 kamili popote duniani.

Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na kwa sababu hiyo dakika ya latitudo ina takriban meta 1,843 kwenye Ikweta na 1,862 kwenye ncha. Nchi mbalimbali zilitumia urefu tofauti kidogo, hadi mkutano wa kimataifa wa upimaji wa bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929 ulipoamua meta 1,852 kamili. Kwenye Ziwa Nyasa dakika halisi ina pungufu ya meta 8 au 9 kwa kila maili, kwa hiyo dakika zetu 102 zina pungufu isiyofika kilometa moja katika kilometa 189. Ncha ya penseli juu ya ramani ya ziwa zima inaweza kuikosea bandari kwa kiasi hichohicho.