Je, wajua mashine ya mtumba inavyopigiwa hesabu ya uchakavu?

"Nimenunua mashine ya mtumba ya kukamua mawese hapa Mwandiga, fundi anasema inaweza kudumu miaka miwili au hata nane, uchakavu nikate sawasawa kila mwaka au nikate asilimia ya salio?"

Kata asilimia ya salio, na nitakuonyesha kwa hela kabisa. Tuseme bei, usafiri na kuifunga jumla ni milioni 6 (usafiri na fundi wa kufunga vinaingia humohumo kwenye gharama ya mashine, wengi wanaviacha nje), na ikifa utaiuza chuma chakavu laki 6. Unakisia miaka 5.

Ukikata sawasawa unatoa laki 6 kwanza, inabaki milioni 5.4, gawa kwa 5, kila mwaka 1,080,000. Ukikata kwa salio hutoi laki 6 mwanzoni, hapo ndo watu wanakosea sana, hiyo laki 6 inakaa ndani ya asilimia yenyewe. Kwenye Excel andika hivi:

```
=1-(600000/6000000)^(1/5)
```

Inakupa karibu 37%. Mwaka wa kwanza unakata 2,220,000, inabaki 3,780,000, mwaka wa pili unakata 37% ya hiyo iliyobaki, yaani 1,398,600, inabaki 2,381,400.

Sasa mwisho wa mwaka wa pili shafti inakatika, spea hakuna, mashine inaenda kwa wanunuzi wa chuma kwa laki 6. Aliyekata sawasawa vitabu vyake bado vinasema mashine ina thamani ya 3,840,000, kwa hiyo anameza hasara ya 3,240,000 kwa mpigo, na faida aliyoiona miaka miwili ile, pengine ameshaila, haikuwa faida yote. Wa salio hasara yake ni 1,781,400. Bado inauma, ila ni karibu nusu tu.

Tena mashine iliyochoka matengenezo yake yanapanda kila mwaka, beringi leo, skrubu kesho, kwa hiyo uchakavu ukishuka huku matengenezo yakipanda, gharama ya mwaka mzima haiyumbi sana.

Kukata sawasawa kunafaa kama una uhakika wa mwisho, mfano umeshapanga kuibadilisha baada ya miaka 3. Hapo gawa kwa 3, usigawe kwa 5 ili faida ionekane nono.

Na ile miaka 5 usiiache ilale, kila ukifunga hesabu za mwaka muulize fundi upya. Akisema imebaki miaka 6 zaidi, miaka iliyopita usiiguse, chukua salio la leo na laki 6 ya chuma, weka 6 badala ya 5, upate asilimia mpya ya kuanzia hapo kwenda mbele. Hizi ni hesabu zako za biashara lakini, TRA wana asilimia zao za kisheria kwa kila kundi la mali, na kwenye kodi ni hizo zinazotumika, siyo za fundi wako.