Urejesho wa asilimia 94 usikulaze usingizi: kuthibitisha kipimo cha histamini kwenye jodari

Jodari akishuka Malindi bila barafu ya kutosha, bakteria hugeuza histidini iliyojaa kwenye nyama yake kuwa histamini, na histamini hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Anayepeleka samaki Ulaya anajua masharti yake: vipande 9 kwa shehena, wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, vipande 2 tu viruhusiwe kuwa kati ya 100 na 200, na kisiwepo hata kimoja kinachopita 200. Kwa hiyo maabara inayoanzisha kipimo hiki lazima iweze kusimama nyuma ya namba zake hasa pale kwenye 100. Hapa nitaeleza jinsi ya kuthibitisha njia ya fluorometa, ambayo maabara ndogo huimudu kwa urahisi kuliko mashine kubwa za kromatografia.

Njia yenyewe kwa ufupi: gramu 10 za samaki aliyesagwa huchanganywa na methanoli, huwekwa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 15, hupozwa, hujazwa hadi mililita 100, kisha huchujwa. Mililita 1 ya maji hayo hupitishwa kwenye safu ya resini inayokamata histidini na kuiachia histamini ipite, na kinachotoka hufikishwa mililita 50. Unachukua 5, unaongeza asidi ya haidrokloriki, unaongeza alkali, unatia ofthaldehaidi, unangoja dakika 4 kamili, unasimamisha mmenyuko kwa asidi ya fosforiki, unasoma mwanga.

Kazi ya kwanza ni kupata samaki wa kutiliwa histamini. Kuna kishawishi cha kuchukua changu, kwa sababu changu hana histamini na hupatikana kila siku. Usimchukue. Nyama ya changu haina histidini nyingi kama ya jodari, na adui wa kipimo hiki ni histidini: resini ikichoka, histidini hupenya, hushikana na ofthaldehaidi na kung'aa kana kwamba ni histamini. Ukithibitisha kwa changu, hutamwona adui huyo mpaka siku ya sampuli ya kweli. Tafuta jodari aliyetiwa barafu tangu chomboni, msage, mgawe kwenye vifuko vya gramu 30 na umgandishe. Hata huyo atakuwa na kiasi kidogo cha asili. Kwenye mfano wangu tuseme anasoma 2.1. Kabla hujaendelea, pitisha myeyusho wa histidini peke yake kwenye safu. Ukiona mwanga wowote wa maana, hiyo resini irudishwe kwenye alkali upya, au ibadilishwe.

Sasa standadi. Histamini huuzwa kama chumvi, dihaidrokloridi, ambayo molekuli yake ina uzito wa 184.07, ilhali histamini yenyewe ni 111.15. Ili upate miligramu 1 ya histamini kwa kila mililita, hupimi miligramu 100 za chumvi kwenye mililita 100, unapima 165.6, na kama lebo inasema usafi ni asilimia 98, basi 169.0.

Kutia ni rahisi. Kwa kiwango cha 100, mililita 1 ya myeyusho huo kwenye gramu 10 za samaki. Kwa 200, mililita 2. Kwa 10, mikrolita 100. Itie kwenye samaki mwenyewe, ikoroge, iache nusu saa, ndipo methanoli iingie. Anayetia kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa anathibitisha fluorometa yake tu, wala hajui kama methanoli inaitoa histamini kwenye nyama. Majibu ya namna hiyo huwa mazuri ajabu, 99 au 100, na uzuri huo ndio unaopaswa kukutia shaka.

Urejesho ni hesabu hii, ambapo Ct ni ulichosoma, Ca ni cha asili, na Cn ni ulichotia:

```
R = 100 × (Ct − Ca) / Cn
```

Chukua vipande sita vilivyotiwa 100, siku ya kwanza: 95.9, 98.2, 93.8, 99.5, 96.7 na 95.0. Wastani ni 96.5, ukiondoa 2.1 unabaki na 94.4, yaani urejesho wa asilimia 94. Kwenye kiwango hiki mwongozo wa kawaida hukubali 90 hadi 107, kwa hiyo umefaulu. Kile cha 2.1 kinaonekana kidogo, lakini ukishuka kwenye kiwango cha 10 kitakuhukumu: wastani ukiwa 11.2, urejesho ni asilimia 91. Ukisahau kukiondoa, unaandika 112 na kuanza kutafuta uchafu ambao haupo.

Lakini hiyo 94 imekwambia nini hasa? Tuseme mtu alipima miligramu 100 za chumvi akadhani ni histamini. Myeyusho wake una 0.604 badala ya 1. Ametumia chupa hiyo hiyo kutengeneza mstari wa standadi, na hiyo hiyo kutia kwenye samaki. Kosa liko juu na chini ya mstari wa sehemu, linafutana, na urejesho unatoka vile vile 94. Kisha anakuja mteja na samaki mwenye 70, maabara inaandika 116, na shehena halali inakataliwa. Urejesho hauwezi kuliona kosa hili hata ukiurudia mara mia. Linaonekana kwa njia mbili tu ninazoziamini: chumvi ya pili kutoka kwa muuzaji mwingine, iliyopimwa na mtu mwingine, isomwe kwenye mstari wa kwanza na zisitofautiane zaidi ya asilimia 3 hivi, na samaki aliyethibitishwa kiwango chake nje ya maabara yako, awe wa kununuliwa au wa mashindano ya maabara. Fanya zote mbili. Bei yake ni ndogo kuliko shehena moja.

Tuje kwenye uthabiti wa majibu. Zile namba sita zina mkengeuko sanifu wa 2.1, sawa na asilimia 2.2 ya wastani, na hapo wengi huweka kalamu chini. Ni mapema. Mtu mmoja, asubuhi moja, chupa moja ya ofthaldehaidi: hayo ni mazingira ya kubembelezwa. Rudia sita nyingine siku ya pili kwa mikono ya mwenzako, na sita siku ya tatu kwa vimiminika vipya. Tuseme wastani wa siku hizo tatu ni 96.5, 91.3 na 98.6, na ndani ya kila siku mkengeuko unabaki karibu na 2.1. Ukichanganya tofauti ya ndani ya siku na tofauti ya kati ya siku, mkengeuko unafika 4.2, yaani asilimia 4.4. Umekuwa maradufu, na hiyo ya maradufu ndiyo ya kuandika, kwa sababu ndiyo mteja atakayokutana nayo. Kanuni ya Horwitz hutabiri asilimia 8 kati ya maabara na maabara kwenye kiwango cha 100, kwa hiyo 4.4 ndani ya maabara moja haina aibu.

Ila ile 91.3 ina jambo. Panga majibu ya siku ya pili kwa mfuatano wa mirija, usiyapange kwa ukubwa. Yakishuka kadiri unavyoelekea mrija wa mwisho, tazama saa. Ukitia ofthaldehaidi kila baada ya nusu dakika kwenye mirija 12, dakika ya 4 ya mrija wa kwanza inakukuta mkono uko kwenye wa tisa. Asidi inachelewa, na mwanga unafifia ukiwa kwenye alkali. Standadi zikiwa zimetangulia na samaki wamefuata, samaki ndio wanaoumia. Dawa ni mirija sita kwa mkupuo mmoja, isizidi, na standadi moja ndani ya kila mkupuo. Liandike hilo kwenye maelekezo ya njia, kisha rudia siku zote tatu, na zile namba za zamani zibaki kwenye faili. Kufuta siku moja mbaya ukabakiza mbili nzuri si kuthibitisha.

Jambo la pili ni joto letu la pwani. Methanoli hutanuka kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi. Ukitoa chupa kwenye maji ya nyuzi 60 ukaijaza hadi alama ingali na nyuzi 45, ikifika 30 ujazo wake umepungua karibu mililita 2, na samaki wako amepanda kwa asilimia 2 bila kosa. Kidole hakitoshi kukuambia imepoa. Weka chupa kwenye beseni la maji ya chumba robo saa, pima kwa kipimajoto, ndipo ujaze. Chumba chenyewe kikiwa na nyuzi 30 si neno kubwa, mradi unajaza na kuvuta kwa pipeti kwenye joto lile lile.

Umebaki mpaka wa chini, yaani kiwango kidogo kabisa unachoweza kukitaja kwa namba. Watu huukokotoa kwa methanoli tupu, na unatoka mdogo wa kupendeza kwa sababu methanoli tupu haina samaki. Chukua vipande kumi vya yule jodari safi, vipitie njia nzima. Mkengeuko wao ukiwa 0.62, mara 10 unapata 6.2. Hiyo bado ni dai. Tia 5 kwenye vipande sita na 10 kwenye sita vingine. Kwenye 5, wastani ukisoma 6.2, urejesho ni asilimia 82, na tuseme namba zinatawanyika kwa asilimia 16; kwenye 10 ni 91 na mtawanyiko wa 8. Mimi ningeandika 10. Hakuna anayekupa tuzo kwa kuandika 6, na 10 ni sehemu ya kumi tu ya kiwango cha sheria.

Ukishaandika 10, jibu la 7 halitoki kama 7 wala kama 0. Linatoka kama «chini ya 10». Kwenye wastani wa vipande 9, kila «chini ya 10» ihesabu kuwa 10. Tuseme vinane viko chini na kimoja ni 140: wastani ni 24.4, kimoja tu kiko kati ya 100 na 200, shehena inapita.