Picha ya bomba linalovuja imepotea: dhana potofu na ukweli kuhusu kulieleza kwa maneno

Umepiga picha ya maji yanayodondoka chini ya sinki, kisha ikafutika kabla hujamtumia fundi. Sasa sehemu imefutwa ikakauka, au valvu imefungwa ili sakafu isilowe, na hakuna tena cha kupiga. Hapo ndipo watu huandika "bomba linavuja, njoo", na fundi anafika na kifaa kisicho chenyewe.

Dhana: Bila picha, fundi hawezi kukisia chanzo.

Picha huonyesha maji yalipo kwa sekunde moja tu. Haionyeshi kama yanadondoka mchana kutwa au pale koki inapofunguliwa tu, wala haionyeshi presha. Mara nyingi hata maungio yenyewe hayaonekani kwa sababu ya giza na mng'ao wa maji. Maneno yanaweza kubeba yote hayo, mradi yajibu mambo manne: bomba ni la plastiki au metali gani, kiungo ni cha aina gani, maji yanaanzia wapi, na presha ikoje wakati yanapovuja.

Dhana: Kusema "bomba la plastiki" au "bomba la chuma" kunatosha.

Mabomba ya plastiki huunganishwa kwa njia tofauti, na kila njia huharibika kivyake. PPR, ambalo mara nyingi ni la kijani au jeupe na lenye ukuta mnene, huyeyushwa kwa mashine ya joto na kushikamana na kiungo. PVC ngumu ya maji safi kwa kawaida hubandikwa kwa gundi. Bomba jeusi la poli, ambalo mara nyingi lina mstari wa buluu, hubanwa kwa nati kubwa ya plastiki yenye pete ya mpira ndani. Nati hiyo inaweza kufunguliwa na pete ikabadilishwa. Kiungo cha PPR hakifunguliwi: kikivuja hukatwa na kuwekwa kingine.

Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba, kisha yanakili yalivyo. Ukiona `PP-R 20 PN20`, umeshapata aina ya bomba, kipenyo cha nje cha milimita 20 na daraja la presha. Kama maandishi yamefutika, zungushia uzi bomba, pima urefu wake kwa rula, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 63 unamaanisha kipenyo cha nje cha milimita 20.

Kwa bomba la metali, weka sumaku. Ikinasa, ni chuma, na kwa mabomba ya maji ya zamani huwa ni chuma kilichopakwa zinki. Chunguza karibu na thredi, kwa sababu hapo ukuta umechongwa ukawa mwembamba na kutu hutoboa hapo kwanza. Sumaku isiponasa na ukikwaruza kidogo ikaonekana rangi nyekundu ya machungwa, ni shaba. Kwenye shaba, madoa ya kijani au buluu-kijani yanaonyesha mahali maji yamekuwa yakipenya polepole kwa muda mrefu. Taja rangi ya madoa na ukubwa wake.

Dhana: Mahali tone linapoanguka ndipo panapovuja.

Hili ndilo kosa linalopoteza fedha nyingi zaidi, kwa hiyo tulipe nafasi. Maji yanayotoka kwenye mwanya mdogo hayadondoki papo hapo. Hushikamana na bomba, huteremka, na huachia pale yanapokutana na ncha au sehemu ya chini kabisa, ambayo kwa kawaida ni elbo au nati. Ndiyo maana elbo nyingi nzima hulaumiwa.

Kinachotafutwa ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa, na ile inayolowa kwanza. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kuanzia koki hadi sakafuni. Zungushia kila kiungo kipande cha karatasi laini kavu: kimoja nati ya juu ya hozi inayopanda hadi koki, kimoja nati yake ya chini, kimoja shina la valvu, kimoja maungio ya thredi na kimoja elbo. Vipande visigusane, kwa sababu karatasi huvuta maji kutoka jirani yake. Kisha angalia kwa tochi ni kipi kinabadilika rangi kwanza na baada ya dakika ngapi. Mvujo mdogo sana unaweza kuhitaji saa nzima.

Eleza pia upande. "Maji yanatoka chini ya nati" ni tofauti na "maji yanatoka katikati ya nati na hozi", na ni tofauti tena na "kuna ufa mwembamba unaofuata urefu wa soketi". Ufa wa namna hiyo kwenye soketi ya plastiki yenye thredi ya ndani kwa kawaida humaanisha kuwa kitu cha metali kilikazwa humo kupita kiasi. Hapo tepu haitasaidia.

Kama bomba lote la maji baridi limejaa matone madogo sawasawa, na hakuna karatasi inayotangulia kulowa, huenda hakuna mvujo kabisa. Ni unyevu wa hewa unaogeuka matone juu ya bomba baridi. Bomba la maji moto lililo jirani litakuwa kavu.

Dhana: Maji yakitoka kwa nguvu kwenye koki, presha ni kubwa.

Koki iliyofunguliwa inakuonyesha mtiririko. Kinachosukuma maji kwenye mwanya wakati nyumba imetulia ni presha ya maji yaliyosimama, na inaweza kuwa kubwa hata kama bomba limeziba kwa kutu na koki inachuruzika.

Njia ya uhakika ni geji ya presha inayofungwa kwenye koki yenye thredi. Funga koki nyingine zote, soma presha kwa bar, kisha fungua koki moja na usome tena. Andika namba zote mbili. Kama huna geji na maji yanatoka kwenye tangi la juu kwa uzito wake, pima au kadiria wima kutoka uso wa maji ndani ya tangi hadi mahali panapovuja. Kila mita 10 ni takriban bar 1, kwa hiyo mita 5 ni karibu nusu bar. Urefu wa bomba linalopinda hauhesabiwi, ni wima tu. Kama kuna pampu au maji yanatoka moja kwa moja kwenye mtandao wa mtaa, sema hivyo, kwa sababu presha ya mtandao mara nyingi hupanda usiku watumiaji wanapopungua. Mvujo unaoonekana alfajiri na kupotea mchana huenda unafuata mabadiliko hayo.

Hata bila namba yoyote, wakati wa kuvuja unatenga nusu ya uwezekano. Maji yakidondoka muda wote koki zikiwa zimefungwa, chanzo kiko upande wa maji safi, kabla ya koki. Thibitisha kwa kufungua kabisa koki nyingine ya njia hiyo hiyo: matone yakipungua, yanafuata presha. Yakitokea tu koki hii inapofunguliwa, kinga maji kwa beseni ili yasiingie sinkini. Yakiendelea kudondoka chini, chanzo ni koki yenyewe au hozi iliyo baada yake. Yakikoma, ziba sinki, lijaze, kisha liachie kwa mkupuo: yakirudi sasa, shida iko kwenye bomba la maji taka, na presha haihusiki.

Badala ya kusema "yanavuja sana", weka kikombe cha kupimia kwa dakika 10. Mililita 60 ndani ya dakika 10 ni mililita 360 kwa saa, yaani takriban lita 8.6 kwa siku. Fundi akijua kiasi hicho ataamua kama valvu kuu ifungwe mpaka afike.

Dhana: Nati ikivuja, kaza zaidi au ongeza tepu.

Inategemea kinachoziba. Kwenye thredi ya metali inayoingia kwenye soketi, tepu au katani ndiyo inayojaza nafasi, hivyo kuifungua na kuweka tepu mpya kuna maana. Nati ya hozi inayonyumbulika huziba kwa washa ya mpira iliyo ndani yake, na tepu kwenye thredi zake haizuii chochote. Ukiikaza kwa spana mpaka mwisho, washa hupasuka au hubanwa pembeni, na mvujo unakua. Nati hiyo hukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana.

Mfano wa maelezo yanayotosha

Chukua ujumbe huu: "Elbo ya plastiki chini ya sinki inavuja." Kwa bomba la PPR, fundi angefikiria kiungo kilichoyeyushwa vibaya, abebe mashine ya joto na ajiandae kukata. Sasa ulinganishe na huu:

"Bomba ni la kijani, limeandikwa `PP-R 20 PN20`. Linatoka ukutani, linapinda juu kwa elbo, kisha kuna adapta yenye thredi ya shaba nyeupe, valvu ndogo, na hozi inayopanda hadi koki ya maji baridi. Matone yanaanguka kutoka chini ya elbo. Niliweka karatasi sehemu tano: ya nati ya chini ya hozi ililowa baada ya dakika 2, ya adapta baada ya 5, ya elbo baada ya 9. Ya nati ya juu na ya shina la valvu zimebaki kavu. Inavuja koki zote zikiwa zimefungwa, na inapungua nikifungua koki ya bafuni. Maji yanatoka tangini, wima kama mita 6. Hozi ilibadilishwa mwezi uliopita."

Mpangilio wa kulowa unaenda juu kwenda chini, kwa hiyo adapta na elbo zinapokea maji tu. Kupungua kwa matone kunathibitisha upande wa maji safi. Presha ni karibu bar 0.6, ndogo mno kulaumiwa kwa kuharibu kiungo kizima. Kinachobaki ni washa ya hozi mpya: imekosekana, imekaa upande, au imepasuliwa kwa kukazwa. Kazi ni kufunga valvu ndogo, kufungua koki ili presha iishe, kufungua nati, na kuweka washa mpya ya nusu inchi.

Kama karatasi ya elbo ndiyo ingelowa kwanza, pale bomba linapoingia kwenye soketi, hukumu ingegeuka. Bomba la milimita 20 hupashwa joto kwa takriban sekunde 5 kwenye mashine ya nyuzi 260 na kuingia milimita 14 hivi. Likiwahi kutolewa au lisipofika mwisho, ukingo wa plastiki iliyoyeyuka huonekana umekatika upande mmoja. Eleza ukingo huo kama unauona. Lakini mvujo ulio ndani ya ukuta hauwezi kuelezwa kwa njia hii: unachoweza kutoa ni mipaka ya doa la unyevu na kama mita ya maji inazunguka koki zote zikiwa zimefungwa.